Tundu la Nne la Bodi ya Sila

Penina Chilongani hakuwa mtu wa kuamini kipimo cha mwenzake. Akinunua kilo ya sukari aliipima tena nyumbani kwa mizani yake ndogo ya kupimia risasi ya solda. Kitambaa cha sare ya kwaya alikikunjua palepale kaunta, akakipima kwa utepe aliotoka nao kwake, na muuzaji akinuna, hilo lilikuwa lake muuzaji. Mama yake, Tereza, alizoea kusema kwamba binti huyu hata siku ya kiama ataomba kuuona mwenyewe ule ukurasa ulioandikwa jina lake.

Watu wa mtaa wake wa Miyuji walimjua kwa tabia hiyo na hawakumchukia. Fundi anayepima mara mbili ni mtu wa kumpelekea redio. Alikuwa na banda la mabati nyuma ya nyumba ya mama yake, na humo alitengeneza redio, simu, inveta na vidhibiti vya sola kwa miaka kumi na tisa. Kidato cha nne alimaliza, alama hazikumpeleka mbele, akasoma ufundi wa umeme mdogo mwaka mmoja, kisha akakaa kwenye stuli yake na hakuinuka tena. Hakuolewa. Mwenyewe alisema mtu aliyepewa na Bwana amtunze ni Sila, mdogo wake wa mwisho, ambaye alimsomesha kwa mikono yake hadi chuo kikuu kule Chimwaga.

Sila ndiye aliyerudi na elimu ya kuchora bodi za saketi kwa kompyuta, akamkalisha dada yake na kumfundisha. Ndiye aliyebuni kile kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwenye mashamba ya zabibu: kijisanduku cha plastiki kinachofungwa kwenye nguzo ya mzabibu, waya unashuka hadi mizizini, na mkulima anajua lini amwagilie na lini aache. Kikundi cha wakulima wa Msalato kilikubali kukijaribu msimu huu. Sanduku lenyewe, ambalo wao waliliita kasha, lilichorwa na rafiki wa Sila, Hasani, kijana wa Kirangi aliyetoka Kondoa na kuweka printa ya plastiki kwenye chumba cha kupanga karibu na chuo.

Mwezi wa sita figo za Sila zilikataa. Walimzika tarehe kumi, makaburi ya kanisani, na Hasani alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Shaka ya Penina ilikuwa imeanza kabla ya hapo. Siku nne kabla Sila hajafa, alikwenda hospitali na chupa ya uji, akamkuta Hasani ameinama kitandani, na Sila anamnong'oneza jambo. Alipoingia, wote wawili wakanyamaza. Hasani akasalimia, akaaga, akaondoka. Penina akamuuliza mdogo wake walikuwa wakizungumza nini. Sila akasema ni mambo ya kazi tu. Akanywa uji vijiko viwili, akageukia ukutani.

Baada ya mazishi Hasani hakuonekana. Hakupiga simu kuhusu kifaa, hakuleta kasha, hakuuliza bodi imefikia wapi. Wiki ya kwanza Penina aliona ni aibu ya msiba. Wiki ya pili akaanza kuhesabu. Mchoro mzima wa kasha ulikuwa kwa Hasani. Yeye mkononi alikuwa na laptopu ya Sila yenye saketi iliyokamilika, na daftari lake la mistari ambamo Sila alinakili namba kutoka kwenye mchoro wa Hasani. Je, kijana huyu anangoja nini? Anangoja familia isahau, ili aende Msalato kama mwenye kifaa?

Basi hakumwomba Hasani chochote. Alifungua programu ya kuchorea bodi, akaomba kwa Mungu akili ya mdogo wake, na akachora ukingo wa bodi kwa kufuata daftari, namba baada ya namba. Upana milimita themanini, kimo hamsini. Kwenye kona moja kuna pengo la milimita kumi kwa ishirini, kuipisha nati kubwa ya plastiki inayobana waya pale unapotoka nje ya kasha. Matundu manne ya skrubu, kila moja milimita tatu na pointi mbili ili skrubu ya milimita tatu ipite bila kusukumwa. Matatu yalikaa kwenye kona, milimita nne kutoka kila ukingo. La nne, kwa sababu ya lile pengo, lilisogezwa ndani: sitini na sita kwa arobaini na sita. Alipomaliza alipanga vipande vya saketi ndani ya ukingo, akakagua, akatuma agizo kiwandani China. Bodi ishirini. Arobaini ya Sila ilikuwa bado.

Siku mbili baada ya arobaini, Hasani akaja. Alileta kasha moja lililochapwa, jeupe, pamoja na flashi yenye faili la mchoro. Alikaa na Mama Tereza kwa muda, akanywa chai, akaondoka. Jumatano iliyofuata bodi zikafika. Penina alifunga mlango wa banda, akachukua bodi moja ya kijani, akaishusha ndani ya kasha.

Haikuingia. Kona nzima iligota kwenye ile nati, ikakaa upande kama mlango uliokosa bawaba. Alipotazama vizuri aliona kwamba kwenye bodi pengo lilikuwa kulia chini, na kwenye kasha nati ilikuwa kulia juu. Tundu la nne nalo vivyo hivyo, kwenye bodi chini, kwenye kasha kinguzo chake cha ndani cha kushikia skrubu juu. Akaizungusha bodi nusu mzunguko. Pengo likahamia kushoto. Akaikagua bodi kwa daftari: themanini, hamsini, sitini na sita, arobaini na sita. Hakuna namba iliyopotoka.

Ndipo alipochomeka flashi. Programu ya kufungulia mchoro wa kasha hakuwa nayo, lakini tarehe haihitaji programu. Faili lilibadilishwa mara ya mwisho tarehe kumi na tisa mwezi wa sita. Siku tisa baada ya mazishi.

Alikaa na tarehe ile mbele yake hadi chai ikapoa. Kisha alimweleza mama yake kwamba Hasani amelipindua kasha ili bodi ya Sila isiingie, na kazi ionekane ya ovyo. Mama Tereza aliuliza mara mbili kama ana hakika, kisha akasema atamwachia Mungu. Penina hakuwa wa kumwachia Mungu jambo lenye tarehe. Alimpigia Ulimboka, katibu wa kikundi cha Msalato, akamweleza yote. Ulimboka, mtu wa maneno machache, alisema mkutano ni Jumamosi, jina la Hasani litaondolewa kwenye kazi hiyo, na mchapaji mwingine atatafutwa.

Alhamisi asubuhi alipanda bodaboda hadi Chimwaga, na bodi tatu, lile kasha, daftari na kalipa yake ya kupimia milimita kwenye mkoba. Alitaka kitu kimoja: Hasani akiri, ampe mchoro wa kweli wa mdogo wake, waachane.

Chumba cha Hasani kilinuka plastiki ya moto. Printa ilikuwa ikichapa vifungo vya mtu, kichwa chake kikienda na kurudi. Hasani alisimama haraka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," alisema Penina, na hakukaa.

Aliweka bodi na kasha mezani kimoja kando ya kingine. Hasani alivitazama, akajaribu kuiingiza bodi, ikagoma vilevile. Akakunja uso.

"Hii imeenda kombo," alisema.

"Haikwenda yenyewe. Wewe umelipindua kasha, Hasani. Waya ulitakiwa kutokea chini, umeupeleka juu. Na faili linaonyesha uliligusa siku tisa baada ya kumzika mdogo wangu."

Hasani alirudia kulitazama lile kasha, na Penina akalihesabu hilo kama nusu ya kukiri. Kisha kijana akavuta kiti, akakaa, akasema tarehe ni ya kweli. Siku hiyo aliinua nguzo za ndani kutoka milimita nne hadi sita, kwa kuwa miguu ya kishikio cha betri, ikishatiwa solda, ingegusa sakafu ya kasha. Sila ndiye aliyemwagiza.

"Lini?"

"Hospitali. Siku ile ulipokuja na uji."

"Jambo la milimita mbili ndilo la kunong'onezana na kunyamaza nikiingia?"

Hasani aliangalia printa yake. "Hilo halikuwa la kunong'ona. Lile jingine ndilo. Alisema yeye hatoki pale. Akaniapisha nisikuletee kazi mpaka arobaini ipite, maana wewe ukipewa kazi utaifanya badala ya kulia. Hakutaka ujue kwamba ameshajua."

Penina hakukubali kukaa. Maneno ya marehemu hayana shahidi. Mtu yeyote anaweza kumtia maiti maneno mdomoni, na kama Hasani alikuwa amejiandaa kwa siku hii, angejiandaa na jambo kama hili hili, la kumlegeza dada wa mtu. Alimwambia hivyo, kwa maneno makavu.

Hasani hakubishana. Alipanda juu ya kreti, akatoa rafuni kasha jingine, la kijivu, lenye vumbi. Ni la kwanza kabisa, la mwezi wa nne, nguzo zake bado fupi. Ubavuni palikuwa na maandishi ya kalamu ya wino mzito: *Jaribio la 1*, na tarehe, na ule mkia mrefu ambao Sila aliuweka kwenye namba saba tangu darasa la tatu. Nati ya waya ilikuwa kulia juu.

Penina alilichukua, akalipeleka dirishani. Aliutazama ule mkia wa saba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatoa kalipa. Mwandiko ni wa Sila, sawa, lakini mwandiko hauzuii mtu kuchapa kitu kingine. Akapima umbali wa nguzo kwa nguzo: sabini na mbili upande wa chini. Ya nne, kutoka ile ya kushoto: sitini na mbili. Ongeza nne za ukingo, sitini na sita. Kwenda juu: arobaini na mbili, ongeza nne, arobaini na sita. Akarudia. Akalipima na kasha jeupe. Namba zilezile.

Hilo lilimchanganya kuliko uongo wowote. Kama Hasani angekuwa amebadilisha namba, angemkamata. Lakini namba za kasha ni za daftari, na namba za bodi ni za daftari, na bado viwili havikubaliani.

"Uliziingizaje kwenye bodi?" Hasani aliuliza. Alikuwa amesogea, sasa akitazama daftari badala ya kumtazama yeye.

"Kwa mkono. Moja moja."

"Kwa nini hukuniomba mchoro wa ukingo? Ningekutumia, ungeuingiza wote mara moja, na matundu yake."

Penina hakutaka kulijibu hilo, maana jibu lake lilikuwa limesimama pale chumbani. Hasani naye akalielewa, akaacha.

"Ulianza kuhesabu kona gani?"

"Ya kushoto juu. Pale niliweka sifuri."

"Na arobaini na sita ukaipeleka wapi?"

"Namba ndivyo inavyokwenda kwenye ile programu. Ikiongezeka, inashuka."

Hasani akaacha kidole juu ya daftari. "Kwangu ikiongezeka inapanda. Sifuri yangu iko kushoto chini, kama grafu ya shuleni. Sila alinakili kutoka kwangu. Angekuwa yeye, angejua kuzigeuza, au asingeziandika kabisa. Wewe umeandika namba za kweli zikaanza kushuka badala ya kupanda. Kila kilichokuwa juu kimekwenda chini."

Penina aliona anachosema, na palepale akatafuta mahali pa kukikataa. Hasani hakumpa nafasi. Alichukua bodi, akaipindua kifudifudi, upande wa vipande ukitazama sakafu ya kasha, akaiachia. Ilishuka yenyewe. Pengo likaipisha nati, na kwenye kila tundu kati ya yale manne, nguzo ikaonekana katikati, duara ndani ya duara. Ilikuwa bodi ya kasha lile lile, kama inavyoonekana kwenye kioo.

Kuitumia hivyo isingewezekana. Kishikio cha betri peke yake kilihitaji milimita kumi na mbili, na chini ya bodi palikuwa na sita. Lakini kama ushahidi ulitosha. Penina alitazama yale matundu manne, akasema polepole kwamba hata kuchapa ukingo kwenye karatasi kwa kipimo chake halisi, akaukata kwa mkasi na kuulaza ndani ya kasha kabla ya kuagiza, hakufanya. Kazi ya dakika tano. Hakufanya kwa kuwa kasha lilikuwa kwa Hasani, na hakutaka Hasani ajue.

Akakaa, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Hasani alisema bodi zisitupwe. Kasha likigeuzwa kwenye kompyuta, juu likawa chini, bodi zote ishirini zitaingia, na waya utatokea kulia chini, jambo ambalo kwa mvua ni afadhali. Mfuniko usiguswe, maana pande zake zinalingana, na ukigeuzwa maandishi yaliyochongwa juu yake yatasomeka kinyume. Kulichapa kasha moja huchukua saa nne. Matano ya majaribio yangewahi Jumamosi akianza sasa hivi. Alikuwa ameshafungua faili na mkono uko kwenye kipanya, kisha akauondoa.

"Umemwambia nani mwingine kwamba nimelipindua?"

"Mama," alisema Penina. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwongo, "na Ulimboka."

"Amesemaje?"

"Jumamosi wanakutoa."

Hasani alisukuma kiti nyuma, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. Sauti yake haikupanda, ila ile heshima ya mdogo kwa mkubwa ilikonda.

"Basi siligeuzi, dada. Nikiligeuza leo, Jumamosi watafungua faili, watakuta limepinduliwa, na tarehe ya leo. Watasema ndivyo ulivyosema. Mimi nilimbeba Sila begani. Sitaki nitoke kwenye kazi yake kama mwizi kwa kukusaidia wewe."

Hapo Penina angeweza kuahidi kwamba ataeleza mkutanoni. Alilifikiria. Lakini yeye mwenyewe asingeipokea ahadi ya namna hiyo kutoka kwa mtu yeyote, na alijua hivyo. Akatoa simu, akampigia Ulimboka, akaweka spika.

Alimweleza katibu kwamba kasha liko sawa na lilikuwa sawa tangu mwezi wa nne, na mdogo wake aliliona. Kosa liko kwenye bodi, na bodi aliichora yeye. Ulimboka akauliza swali ambalo Penina, katika nafasi yake, angeliuliza pia.

"Uko naye hapo? Isije ikawa amekutisha."

"Niko naye, na anasikia," alisema Penina. "Hajanitisha. Nilisema uongo juu yake nikidhani ni kweli. Jumamosi nitasimama niseme tena mbele ya wote. Leo atalipindua kasha kwa kuniokoa mimi, na andika kwamba nimemwomba."

Ulimboka akasema ataandika. Hakusema kama ameamini. Simu ikakatika.

Hasani alirudi kwenye kiti bila kusema asante, na Penina hakuitegemea. Kijana aliteua mwili wa kasha peke yake, akaugeuza, na kwenye skrini ile nati ikaruka kutoka juu hadi chini kana kwamba haikuwahi kukaa mahali pengine. Ile kazi ambayo Penina alimzushia tangu jana ilichukua muda mfupi kuliko kufungua chupa ya soda. Printa ikamaliza vifungo, ikaanza kasha la kwanza, mstari mweupe juu ya mstari mweupe.

Adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka upande wa chuo. Hasani akanyanyuka, akachukua kofia msumarini, akasema anakwenda kuswali na atarudi. Akatoka. Mlango akauacha wazi, kompyuta ikiwaka, na faili la kasha limefunguliwa, kila namba yake mbele ya stuli aliyokalia Penina.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kwamba huu ni mtego, kijana amejificha nje anachungulia. Aligeuka akatazama mlangoni. Palikuwa na jua tu na kuku wa mwenye nyumba. Wazo la pili lilikuwa apitie namba zote, moja baada ya moja, maana nafasi kama hii haitarudi.

Akaweka kalipa kwenye mkoba, akafunga zipu. Akaweka mikono mapajani, akaanza kumwombea Sila kwa jina, jambo ambalo tangu tarehe kumi alikuwa amelikwepa kwa kazi. Hakufika mbali. Alipofika kwenye maneno ya kumshukuru Mungu kwa maisha yake, machozi aliyoyazuia siku hamsini yakamshuka mbele ya kompyuta ya mtu mwingine.

Hasani aliporudi alimkuta bado analia. Alitazama printa kama inakwenda sawa, akavuta kreti, akakaa karibu na mlango, mgongo wake kwa dada wa rafiki yake, ili alie bila kutazamwa.